Uso wa mzee nisiyemjua: barua ya wazi kwa Msajili wa Ndoa na Kamishna wa Ulinzi wa Data

Bungoma, Februari 2025

Kwa Msajili wa Ndoa,
Kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data,
Na kwa machifu wetu wa huku magharibi, ambao mlango wao ndio wa kwanza kubishwa.

Waheshimiwa,

Mimi ni mpiga picha za harusi hapa Bungoma mjini. Wiki mbili zilizopita mteja aliniomba nimtoe kijana aliyeketi kwenye kiti cha baba wa bibi harusi, kisha mahali pake niweke uso wa mzee ambaye mimi simjui, mteja mwenyewe hamjui, na bibi harusi hajawahi kumwona. Nilikataa. Mteja hakufurahi, na pesa yangu bado anayo, lakini hilo ni letu sisi wawili. Ninawaandikia nyinyi kwa sababu kadiri nilivyomsikiliza ndivyo nilivyoona kwamba hitaji lililomleta kwangu lilianzia kwenye madawati ya ofisi, na kwamba jibu lake lilikuwa limeandikwa katika sheria tangu 2014 bila yeye kuambiwa.

Sherehe ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Desemba, nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi, upande wa Chwele. Ilikuwa siku ya kupeleka mahari. Walikuwa wamekubaliana ng'ombe wanane, wakafika na watatu pamoja na bahasha. Baba wa bibi harusi alikuwa amepata habari hizo tangu jana yake. Akapanda matatu kwenda Kitale kwa dada yake, akaacha ujumbe kwamba atarudi ng'ombe watakapotimia. Wageni walipofika saa tano, kiti cha baba kilikuwa kitupu, kimewekwa katikati ya tenti na kufunikwa kitambaa cheupe. Nilikipiga picha hivyo hivyo kabla ya mtu yeyote kukaa. Mazoea tu, huwa napiga viti, vyakula, viatu, chochote kilichopangwa vizuri.

Wazee waliingia nyuma ya jiko wakakaa huko kwa muda wa karibu saa mbili. Walipotoka, walisema kazi iendelee na baba mdogo akae mahali pa kaka yake. Kimila hapakuwa na kasoro, maana ndugu wa baba ni baba. Taabu ilikuwa umri. Huyu baba mdogo ni kitinda mimba wa babu yao, ana miaka 27, na bibi harusi ana 28. Wakamvika koti la mtu mwingine, mikono ya koti ikamfika kwenye vidole. Nyuma yake kulia akasimama khocha, yaani mjomba wa bibi harusi, kushoto akasimama senge, shangazi yake. Kijana akapokea kamba ya ng'ombe kwa mikono miwili, akatazama kamera kama mwanafunzi anayepigwa picha ya kitambulisho. Watu walicheka, wakapiga vigelegele, chakula kikaliwa. Hakuna aliyelalamika siku ile.

Mteja wangu ni kaka mkubwa wa bwana harusi. Ndiye aliyenilipa. Tulikubaliana shilingi 45,000 za picha na albamu, akanipa 30,000 mwanzo, salio nikabidhiwe siku ya kuchukua kazi. Alikuja dukani Jumanne jioni, nikamfungulia albamu kwenye kompyuta kabla haijaenda kuchapishwa. Akafungua kurasa mbili tatu, akafika kwenye picha ya pamoja, akanyamaza kidogo.

"Fundi, hapa senge alikuwa amefumba macho. Niliona kwenye kamera yako siku ile."

Nikamwambia ni kweli, nimemrekebisha.

"Kwa hivyo unaweza." Akatoa simu. "Basi huyu kijana mtoe. Mweke huyu."

Kwenye simu kulikuwa na mzee wa miaka kama 70, ndevu nyeupe zimekatwa vizuri, suti ya kijivu, tai. Uso wa heshima. Nikamuuliza ni nani. Akasema hajui, amemtoa mtandaoni. "Ni mzee tu. Nataka mtu anayefanana na baba wa msichana mwenye umri ule. Nikimweka baba yake mwenyewe, atanishtaki. Huyu hata hatajua."

Alinieleza bila kuficha, na kwa hilo namheshimu. Mdogo wake amepata kazi, na ofisi ya mwajiri inataka uthibitisho wa ndoa ili mke aingizwe kwenye bima ya matibabu. Hawana cheti. Mtu wa ofisini alimwambia kwa simu, "Leteni hata picha za harusi." Wakazitazama picha zao wakaogopa. Nani ataamini kwamba kijana wa koti la kuazima ndiye aliyemtoa binti? Watasema ni maigizo. Ndipo kaka akapata wazo lake.

Nitakaa kidogo hapa kwenye macho ya senge, kwa sababu hoja ya kaka ilikuwa na nguvu kuliko nilivyotaka iwe. Kila mpiga picha wa harusi anafanya kazi hii. Ukipanga watu 25 chini ya tenti, hakuna fremu moja ambayo wote wamefungua macho. Kwa hivyo mimi hupiga fremu tano au sita mfululizo, bila kusogeza miguu, bila kugusa lenzi. Nyumbani nachagua ile iliyo bora, na kama mtu mmoja amefumba macho, nachukua kichwa chake kutoka fremu ya jirani. Kwenye Photoshop naweka fremu mbili moja juu ya nyingine, naziagiza zijipange kwa `Edit > Auto-Align Layers`, kisha nafuta kila kitu cha leya ya juu isipokuwa uso ule. Dakika kumi zimeisha. Jua ni lile lile, umbali ule ule, kofia ile ile, na mtu ni yule yule nusu sekunde baadaye. Senge alikuwepo, alisimama pale, na macho yalikuwa yake.

Kwa mkono, basi, kazi zote mbili zinafanana. Nimesikia wapiga picha wenzangu wakijitetea kwamba wao "hawabadilishi vichwa kamwe", na huo ni uongo mtupu, tunabadilisha kila Jumatatu. Mimi mpaka wangu nimeuweka pengine. Naweza kuchukua kutoka dakika ile ile, kwa mtu yule yule, kitu ambacho kamera yangu ilikiona. Siwezi kumleta mtu ambaye hakuwepo na kumpa jukumu ambalo hakulibeba. Kumwondolea bibi harusi chunusi nitafanya. Kufuta chupa ya soda kwenye nyasi nitafanya. Kumketisha mzee wa watu kwenye kiti cha baba na kumpokeza kamba ya ng'ombe, hapana.

Nilianza kumkataza kwa sababu za ufundi, nakiri, kwa kuwa ni rahisi kumkatalia mteja kwa kusingizia mashine. Nikakuza picha ya simu mpaka uso ukajaa kioo. Nikamwonyesha kwamba mzee alipigwa kwa simu kutoka umbali wa mkono, ndiyo maana pua imekuwa kubwa na masikio yamerudi nyuma. Mimi nilisimama kama mita nane kutoka kwenye kiti, na kutoka mbali hivyo sura ya mtu hutulia, masikio huonekana kwa upana wake. Ukiubandika uso ule pale, mtazamaji hatajua kasoro ni nini, ila atahisi ipo. Nikamwonyesha macho. Katika jicho la kila mtu aliyekuwa chini ya tenti kuna kipande cheupe kirefu, ambacho ni upande wa tenti uliokuwa wazi. Katika jicho la mzee kuna kitone kimoja kidogo juu kabisa, taa ya ndani ya nyumba. Nikamwonyesha rangi pia: tenti ilikuwa na mistari ya manjano, na manjano yale yamepaka mashavu ya wote upande wa kulia.

Akanisikiliza, akasema, "Fundi, mtu wa bima hataangalia jicho."

Alikuwa na haki. Tena siku hizi kuna programu za simu zinazobadilisha uso kwa sekunde chache, na zinarekebisha mwanga zenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakufanya hivyo akamaliza. Akasema alijaribu, picha moja ilitoka vizuri. Lakini kijana yumo kwenye picha 14 za albamu, na kila programu ilipomaliza, mzee alitoka na sura tofauti kidogo, mara na shingo nene, mara na ndevu ndefu. Alitaka mzee mmoja katika picha zote 14, zichapishwe, na nyuma ziwe na muhuri wa studio yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinanunuliwa. Muhuri ule nilichongesha kwa shilingi 800 ili wateja wakumbuke namba yangu ya simu. Sikujua kwamba mahali fulani, juu ya meza ya mtu, unasomwa kama ushahidi.

Nikarudi kwenye picha ya mzee. Ukingo wa chini ulikuwa umekatwa vibaya, na nusu ya juu ya maandishi mekundu ilikuwa imebaki. Nikaitafuta mtandaoni kwa picha yenyewe. Haikuchukua dakika moja. Lilikuwa tangazo la mchango. Mwalimu mstaafu, anahitaji upasuaji, familia inaomba msaada, na chini kuna namba ya M-Pesa ya binti yake. Kaka alikuwa amekata maandishi na kubakiza uso. Nikamgeuzia kompyuta aone. Akatazama muda mrefu, akasema polepole, "Kumbe ni mgonjwa."

Hakusema tena jambo la kumweka. Lakini alikuwa na neno moja lililobaki, nalo ni haki yake kulisema: "Sawa, mzee basi. Lakini hizi picha ni zangu. Nimezilipia. Nikitaka uzichore masharubu, utazichora."

Nililazimika kuisoma sheria usiku ule, na niliyoyasoma nitayaeleza kwa kifupi, maana nyinyi mnayajua na wasomaji wengine huenda hawayajui. Katika Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, kazi iliyoagizwa na mtu humhesabia mwagizaji hakimiliki, isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Mimi na kaka hatukuandikiana chochote. Kwa hivyo ni kweli, picha ni zake. Lakini kifungu cha 32 kinaniachia mimi niliyepiga haki ya kupinga kazi yangu ikiharibiwa kwa namna ya kuniaibisha, hata baada ya hakimiliki kuondoka mikononi mwangu. Na zaidi ya hayo, umiliki wa picha haumpi mtu umiliki wa sura ya mwalimu mstaafu. Sura ile ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria hiyo hiyo imeweka habari za familia ya mtu, wazazi wake, watoto wake na mwenzi wake, katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na habari za afya yake. Sisi tungechukua uso kutoka tangazo la ugonjwa na kumzulia mtoto asiye wake.

Kuna wanaodhani sheria ya data ni ya benki na kampuni za simu. Studio yangu ina watu watatu na haifikishi shilingi milioni 5 kwa mwaka, kwa hivyo kanuni za 2021 hazinilazimishi kujiandikisha kwa Kamishna. Kusamehewa kujiandikisha hakuniondolei wajibu wenyewe. Vilevile sheria inasamehe mambo ya nyumbani kabisa, ya mtu na familia yake. Kaka akichezea picha kwenye simu yake na kucheka na wenzake, pengine anaingia humo. Mimi ninayelipwa kuifanya kazi ile siingii.

Na picha ikishapelekwa ofisini ili mtu apate haki fulani, tumetoka kwenye data tukaingia kwenye kughushi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 25, inamlenga mtu anayebadilisha data ili isiyo ya kweli ichukuliwe kisheria kama ya kweli. Faini ni hadi shilingi milioni 10, au kifungo hadi miaka 5, au vyote viwili. Hiyo ni kwa salio la shilingi 15,000.

Sasa nije kwenu, Msajili wa Ndoa, kwa sababu sehemu iliyoniuma zaidi iko kwenye sheria yenu.

Nilisoma Sheria ya Ndoa ya 2014 nikitafuta mahali ambapo picha inahitajika. Kifungu cha 59 kinasema ndoa huthibitishwa kwa nini: cheti, nakala yake iliyothibitishwa, au maandishi ya kwenye daftari la ndoa. Picha haimo. Basi nikatafuta ndoa ya kimila inahitaji nini ili ipate cheti, nikakuta mambo ambayo yangemfanya kaka acheke au alie. Kifungu cha 43 kinasema pale ambapo mahari inahitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Ng'ombe watatu wale walitosha. Hata mmoja angetosha. Kifungu cha 45 kinataka wahusika watamke kwa maandishi kwamba taratibu za mila zimefanyika, na mashahidi wawili watu wazima waliobeba nafasi muhimu ya kimila waweke sahihi au alama ya kidole. Wawili hao ninao kwenye picha: khocha upande wa kulia, senge upande wa kushoto, macho yake yamefunguliwa. Baba mzazi hatajwi kuwa lazima aonekane amekaa kwenye kiti.

Kwa maneno mengine, ile familia ilikuwa tayari kumwiba mzee wa watu sura ili kuziba pengo ambalo sheria haikulihesabu kuwa pengo.

Nilimpigia kaka asubuhi nikamsomea kifungu baada ya kifungu. Mwanzoni alidhani namtafutia maneno ya kunipa salio. Halafu akauliza, "Mbona hakuna aliyetuambia?" Alikuwa amekwenda kwa chifu mwezi wa kwanza. Anasema aliulizwa kama ana picha. Hakuulizwa mashahidi. Hakuambiwa kwamba wahusika wanatakiwa kumjulisha msajili ndani ya miezi mitatu tangu taratibu zikamilike, wala kwamba wote wawili wanatakiwa kufika wenyewe mbele ya msajili kuomba cheti ndani ya miezi sita. Simlaumu chifu peke yake. Mimi nimepiga ndoa za kimila kwa miaka 11 kutoka Kimilili hadi Mumias, na sijaona hata karatasi moja ya Kiswahili, achilia mbali Kibukusu, iliyobandikwa ukutani kwa chifu ikieleza mambo haya manne. Nimeona matangazo ya chanjo ya ng'ombe.

Matokeo yake ni kwamba kila mtu anayetaka kujua kama fulani na fulani ni mume na mke anauliza picha. Mwajiri anauliza picha. Shule inauliza picha. Mtu akifa na ndugu wakagombana nani azike na wapi, picha za mahari zinatolewa kabatini. Mwaka juzi mama mmoja mjane alinijia akitaka picha za 2016 ambazo shemeji zake walikuwa wamezichana. Nilikuwa nazo kwenye diski, nikampa. Angekuwa na cheti asingenihitaji mimi wala diski yangu, ambayo, niseme ukweli, iko kwenye kabati moja na sufuria na inaweza kufa siku yoyote.

Ninachoomba ni kidogo. Wekeni karatasi moja kwa kila chifu na kila naibu wake, kwa Kiswahili, iseme: ndoa ya kimila, miezi mitatu kujulisha, miezi sita kuomba cheti, mahari ya ishara inatosha, mashahidi wawili waliobeba kazi ya mila. Iseme pia kwa herufi kubwa kwamba picha si uthibitisho wa ndoa. Hiyo sentensi moja itanipunguzia wateja wa aina hii kuliko mahubiri yangu yote.

Na kwenu, Kamishna. Najua ofisi yenu inashughulika na wakubwa, na nafurahi. Lakini nyuso nyingi za Wakenya haziko benki. Ziko kwenye diski za wapiga picha wa mitaani, kwenye mabango ya mchango, kwenye matangazo ya tanzia, na siku hizi yeyote mwenye simu anaweza kuzichuna. Tuandikieni mwongozo mfupi sisi wa studio ndogo. Tuambieni tutunze mafaili asili kwa muda gani, kwa sababu leo kila mmoja anaamua kivyake. Wengine wanafuta baada ya mwezi kwa kukosa nafasi, mimi sifuti kabisa, na huenda wote tunakosea. Tuambieni tufanye nini ofisi au mahakama ikitaka kulinganisha picha iliyochapishwa na faili lililotoka kwenye kamera. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini ya kumkamata mwongo. Kutazama mwanga wa jicho kunamsaidia fundi kushuku tu, na picha ikishapita kwenye WhatsApp ukapunguzwa ukubwa wake, hata fundi anabaki kubahatisha. Faili asili halibahatishi. Lina saa, lina namba mfululizo, na fremu zinazolitangulia na kulifuata zinaonyesha kijana akitembea kuelekea kwenye kiti, akikaa, akivuta mkono wa koti.

Tena mtuambie tumfanyie nini mtu kama yule mwalimu. Hakujua. Hata sasa hajui. Nilifikiria kupiga ile namba ya binti yake nimweleze, nikashindwa kupanga sentensi ya kwanza. Unamwambiaje mtu ambaye baba yake yuko wodini kwamba kuna familia Chwele ilitaka kumwazima? Nilituma shilingi 500 kwenye mchango, nikafunga ukurasa. Sijui kama nilifanya sawa.

Kuhusu kaka, tulikubaliana kwa mdomo kwamba picha zote 14 zitabaki zilivyo, na nitaongeza moja ambayo hakuwa ameiomba: kiti kitupu chenye kitambaa cheupe, iliyopigwa saa tano na dakika kumi. Bibi harusi ndiye aliyeichagua alipoletwa dukani kuona. Alisema baba yake akirudi Chwele atamwonyesha hiyo kwanza. Kaka hakupenda.

Albamu imeshachapishwa, iko hapa kwenye rafu, imefungwa kwa nailoni, inangoja 15,000. Khocha amekubali kuweka sahihi. Senge anasema yeye ataweka kidole, kwa kuwa miwani yake imevunjika. Kama hesabu inaanzia siku ya kamba ya ng'ombe, miezi mitatu yao inaisha tarehe 14 Machi, na nauli ya watu wanne kwenda na kurudi kwa msajili bado inachangwa.

Wenu,
Mpiga picha, Bungoma